Taja TIN ya kampuni kabla mashine haijachapa

Ukifika duka la vyuma Gerezani hapa Dar na kukubaliana bei, swali linalofuata ni moja: "Na risiti au bila?" Anayejenga banda la kuku kwake hutazama mfuko wake tu. Anayenunulia kampuni iliyosajiliwa VAT hana cha kuamua hapo, lakini wengi bado wanadanganyika na bei ya "bila", kwa hiyo tuanze na hesabu.

Tuchukue kampuni ya ujenzi, tuiite Fulani Ujenzi Limited, inayotaka nondo 200 za milimita 12. Bei na risiti ni shilingi 29,500 kwa nondo moja, yaani 5,900,000 kwa zote. Bila risiti muuzaji anashuka hadi 26,500, jumla 5,300,000. Machoni umeokoa laki sita. Sasa tazama ndani ya ile 5,900,000. VAT ya asilimia 18 ishamo humo, na unaipata kwa kuzidisha kwa 18 na kugawa kwa 118: ni 900,000. Kama kampuni inazitumia nondo kwenye kazi inayotozwa VAT, hiyo laki tisa inapunguzwa kwenye VAT ambayo ingepeleka TRA. Gharama halisi ya nondo kwake ni 5,000,000. Kumbe "bila risiti" ni ghali kwa laki tatu, na juu yake unabaki na matumizi yasiyo na ushahidi siku hesabu za kampuni zikikaguliwa.

Lakini risiti yenyewe haitoshi. Laki tisa hizo zinakaa au zinaondoka kwa sababu ya mistari michache iliyo juu ya karatasi, na mistari hiyo inajazwa kwa sekunde chache ambazo mnunuzi kwa kawaida yuko nje anasimamia upakiaji.

Kipande cha risiti sahihi kinafanana na hiki:

```
*** START OF LEGAL RECEIPT ***
TIN: 000-000-000
VRN: 40-000000-X
CUSTOMER NAME: FULANI UJENZI LIMITED
CUSTOMER ID TYPE: TIN
CUSTOMER ID: 000000000
RECEIPT DATE:
RECEIPT TIME:
RECEIPT VERIFICATION CODE:
```

Namba mbili za juu ni za muuzaji. TIN ina tarakimu tisa na kila mlipakodi anayo. VRN ndiyo namba ya usajili wa VAT. Inaishia na herufi, na anayo yule tu aliyesajiliwa. Hapo ndipo jicho lako liende kwanza. Ukikuta VRN: NOT REGISTERED, risiti inaweza kuwa halali kabisa, na mhasibu ataitumia kama ushahidi wa matumizi, ila hakuna VAT ya kudai. Duka ambalo mauzo yake hayafiki kiwango cha lazima cha usajili, yaani shilingi milioni 200 kwa mwaka, linaweza kuwa hivyo bila kosa lolote. Kosa ni pale dukani wanapokuambia "bei imeongezwa asilimia 18 ya VAT" halafu risiti inasema hawajasajiliwa. Asiye na VRN hana ruhusa ya kutoza VAT, kwa hiyo hiyo nyongeza ni ya mfukoni mwake. Njia ya kuikwepa aibu hii ni kumwomba muuzaji mgeni nakala ya cheti cha TIN na cheti cha VAT tangu anapokupa proforma. Mwenye navyo hutuma picha papo hapo, na madukani mengi vimetundikwa ukutani nyuma ya kaunta.

Mistari inayofuata ni yako, na ndiyo inayoharibika zaidi. Sheria ya VAT inataka ankara ya kodi itoke kwenye mashine ya EFD, na kwa manunuzi ya kiwango hiki imtambulishe na mnunuzi. Muuzaji akiwa na haraka anaruka sehemu ya mteja, na karatasi inatoka bila jina. Au anaandika jina la dereva aliyekuja na fuso. Au la mkurugenzi, kwa kuwa ndiye aliyepiga simu na namba yake imehifadhiwa kwa jina hilo. Au "SAITI YA MBEZI". Kwa duka hizo zote ni mauzo yaliyokamilika. Kwa kampuni ni risiti za mtu mwingine, maana mkurugenzi ana TIN yake na kampuni ina yake. Mbele ya TRA hao ni walipakodi wawili.

Jina sahihi ni lile lililoandikwa kwenye cheti cha TIN cha kampuni, si la kwenye bango au kwenye fulana za mafundi. Kampuni nyingi za hapa Dar zinajulikana mtaani kwa jina la biashara ambalo halimo kabisa kwenye usajili. Kuandika "LTD" badala ya "LIMITED" sioni kama ni jambo la kugombania. Tarakimu moja ya TIN iliyokosewa, hiyo gombania, kwa sababu manunuzi yako yamekwenda kwa mtu usiyemjua.

Kwa nini yote haya yafanywe kabla? Kwa sababu mashine ya EFD haiandiki karatasi tu. Inatuma taarifa ya mauzo TRA, na kilichotumwa hakifutwi wala kuhaririwa. Ukirudi kesho ukisema "kaka, nibadilishie jina", muuzaji hawezi kufungua ile risiti akairekebisha. Anachoweza ni kutoa nyingine yenye taarifa sahihi, kisha kuiondoa ya kwanza kwenye mauzo yake kwa krediti noti na kulieleza hilo kwenye ritani yake ya VAT. Asipofanya hivyo, mauzo ya 5,900,000 yanaonekana mara mbili na yeye anadaiwa laki tisa ya pili. Ndiyo maana uso unabadilika ukimwomba risiti mpya. Mara nyingi si ujeuri, anaona hasara. Ukienda kuomba marekebisho, nenda na risiti ya kwanza mkononi na umrudishie, umwambie wazi kwamba unajua atahitaji krediti noti na utaisaini. Mazungumzo yanalainika sana ukianza hivyo.

Bora usifike huko. Pale unapoomba proforma, kabla hujalipa, tuma ujumbe kama huu, kwa maandishi na si kwa simu, kwa sababu namba zinazosomwa kwa sauti katikati ya kelele za mikokoteni hukosewa:

"Habari za asubuhi bosi. Naomba proforma ya nondo 200 za mm 12. Risiti ya EFD itoke kwa jina FULANI UJENZI LIMITED, TIN 000-000-000, VRN 40-000000-X. Proforma ioneshe TIN na VRN ya kwenu, bei kabla ya VAT, VAT, na jumla. Malipo tutafanya kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la kwenu lilelile litakalokuwa juu ya risiti. Dereva atakuja na karatasi yenye maelezo haya. Risiti naomba apewe pamoja na mzigo."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Proforma inakuonesha mapema muuzaji ni nani kisheria, maana proforma yenyewe si ankara ya kodi na huwezi kudai VAT kwayo, hata iwe na mhuri wa rangi tatu. Karatasi ya dereva ni kipande cha A4 kilichochapwa jina, TIN na VRN kwa herufi kubwa. Anakiweka kaunta, mwenye mashine ananakili. Dereva haulizwi jina lake wala hajibu kwa kumbukumbu.

Sentensi ya akaunti ya benki ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kuna muuzaji asiye na mashine, au asiyetaka mauzo makubwa yaonekane kwake, ambaye hukimbia kwa jirani kuchapisha risiti. Ukiihakiki utaambiwa ni halali, na kweli imetoka kwenye mashine iliyosajiliwa. Tatizo linakuja kwenye ukaguzi: fedha zimekwenda kwa mtu wa kwanza, risiti ni ya mtu wa pili, na pengine huyo wa pili anauza vitenge. Hapo utaeleza vipi nondo 200? Jina la kwenye proforma, la kwenye akaunti na la juu ya risiti yakiwa moja, mlango huo umefungwa. Yakitofautiana, uliza kabla ya kulipa. Jibu linaweza kuwa la kawaida, kwamba bango lina jina la biashara na kampuni inayolimiliki ina jina lingine, lakini cheti cha TIN kioneshe hivyo.

Risiti ikifika mkononi, ihakiki gari likiwa bado linafungwa turubai. Piga skani ile QR kwa simu, au fungua verify.tra.go.tz, ingiza RECEIPT VERIFICATION CODE kisha RECEIPT TIME. Usiishie kwenye kuona kwamba risiti ipo. Linganisha kilicho kwenye skrini na kilicho kwenye karatasi: jina lako, namba zako, kiasi chote. Kosa la kawaida ni risiti ya 590,000 kwa mzigo wa 5,900,000, sifuri moja imebaki kwenye kidole cha mtu. Risiti isipoonekana kabisa, usimwite mtu mwizi bado. Mtandao ukikatika mashine hukaa na taarifa hadi upatikane. Jaribu tena baada ya saa kadhaa. Ikipita siku nzima bila kuonekana, mpigie muuzaji.

Ritani ya VAT inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na risiti iliyochelewa unaweza kuidai ndani ya miezi sita tangu tarehe yake. Muda huo unatosha kufuatilia marekebisho, usipouacha upotelee kwenye "njoo wiki ijayo". Ikipita, laki tisa imekuwa sehemu ya bei ya nondo.

Jambo la mwisho ni la karatasi yenyewe. Risiti za EFD nyingi zinachapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia, haraka zaidi zikikaa kwenye dashibodi ya gari kwenye jua letu hili. Piga picha au skani siku hiyohiyo, toa fotokopi kwenye A4, na uibane asili nyuma yake. Usiilamineti, joto la mashine ya kulamineti huigeuza karatasi yote kuwa nyeusi.