Kufunga mabishano si kusalimu amri

Juzi nimeambiwa tena: "Ukianza kutaja mnayokubaliana, umeshindwa." Nimesuluhisha mabishano miaka mingi, na kauli hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Anayetaja makubaliano hajaacha hoja yake. Anaonyesha tu mpaka wa mzozo ulipo.

Nieleze kwa kisa kimoja. Wajenzi wawili walibishana kwa siku tisa juu ya ufa uliopanda mshazari kutoka kona ya dirisha. Mmoja alisema msingi umetitia, mwenzake akasema ni lipu tu imesinyaa ilipokauka. Wa lipu alinionyesha rasimu ya ujumbe wake wa kufunga: "Sote tunataka nyumba imara. Asante kwa mchango wako, lakini lipu hupasuka hivyo kila siku."

Hapa ndipo ninapokasirika. "Sote tunataka nyumba imara" si makubaliano, maana hakuna mjenzi anayetaka nyumba ibomoke. Makubaliano ya kweli ni yale ambayo mtu angeweza kuyakataa na hakuyakataa. "Asante kwa mchango wako" nayo ungeweza kumpa mtu yeyote, na mwenzako anajua hivyo. Halafu ile "lakini" inafuta yote yaliyotangulia na kumlazimisha ajibu. Ukishashukuru, usiongeze hoja, hata iwe nzuri namna gani.

Tukasoma upya jumbe zote, tukitafuta mahali ambapo kila mmoja alikuwa amekiri jambo bila kulitilia mkazo. Ujumbe mpya ukawa hivi:

"Tunakubaliana kwamba ufa umepanuka tangu tulipoupima mara ya kwanza, na kwamba tusiuzibe kabla ya kutia alama za penseli kwenye ncha zake na kupima upana kwa miezi mitatu. Hatujakubaliana kuhusu chanzo. Asante kwa kusema ufa unaonekana upande wa ndani pia. Sikuwa nimeangalia, na umenipunguzia uhakika wa lipu. Kama nimekunukuu vibaya, nisahihishe."

Sentensi ya tofauti ni fupi na haimpendelei yeyote. Ukiiacha, mwenzako atadhani unamvuta upande wako kimyakimya. Ile ya mwisho inampa nafasi ya kukanusha, na bila hiyo unamsemea tu.

Kuna jambo linalonisumbua bado. Anayefunga akiwa mkubwa kazini, mdogo wake huitikia "ndiyo" kwa heshima, na siwezi siku zote kutofautisha ndiyo hiyo na ya kweli. Siku hizi namwomba mdogo aandike orodha ya makubaliano kwanza. Husaidia kiasi. Palipo na dhuluma, sifungi kwa njia hii kabisa, kwa sababu shukrani hapo humnyamazisha aliyeumizwa.

Wa msingi alijibu jioni ile ile. Alisahihisha jambo moja: alama ziwekwe pande zote mbili za ukuta. Kisha akaandika kwamba analiondoa neno "uzembe" alilolitumia siku ya pili.