Ofa ya chapchap ya kwanza: unayoambiwa na yanayotokea kwenye hesabu

Watu wengi wakipanga ofa yao ya kwanza, ile ya saa 24 au siku mbili, wanaanza na asilimia. Mtu kaona wenzake wameandika punguzo 30% na yeye anaandika 30%, basi, matangazo yanaanza. Kumbe hiyo 30 lazima itoke sehemu, na aliyekuuzia mzigo hajakupunguzia hata senti, wa usafiri hajakupunguzia, wa vifungashio pia. Inatoka kwako.

Dhana: Nikipunguza bei 20% na faida inapungua 20%

Hii ndo inaumiza watu kuliko zote, kwa hiyo tuipigie hesabu taratibu. Chukua begi la mgongoni unalouza 1,000 (weka pesa yoyote unayotumia). Ulilinunua 600. Kifungashio 30, delivari unalipia wewe 50, na makato ya malipo tuseme ni 3%, yaani 30. Jumla 710, unabaki na 290 kwa kila begi.

Sasa weka punguzo la 20%. Mteja analipa 800. Makato yanashuka kidogo yanakuwa 24, ila 600, 30 na 50 ziko palepale, jumla 704. Unabaki na 96. Bei imeshuka kwa moja ya tano tu lakini faida imeshuka kutoka 290 mpaka 96, yaani theluthi mbili imeondoka. Ukienda 30% unauza 700 na gharama ni 701, hapo unamlipa mteja senti zako ili achukue begi lako. Na kwenye simu oda zinaingia ting ting ting, unafurahi kabisa!

Dhana: Si mbaya, ntafidia kwa kuuza mengi

Inawezekana, ila uliza mengi mangapi, na jibu unalipata kabla ya ofa sio baada. Gawanya faida ya kawaida kwa faida ya siku ya ofa: 290 ÷ 96 inakupa kama 3. Kwa hiyo kwa 20% kila begi moja ulilokuwa unauza sasa uuze matatu, ndo uwe pale pale ulipokuwa. Hujasogea bado.

Halafu kuna tangazo la kulipia, ambalo wengi wanalihesabu pembeni kana kwamba limetoka mfuko mwingine. Tuseme kawaida unauza mabegi 10 kwa siku mbili, hiyo ni faida ya 2,900. Unataka ofa ya siku mbili, umetenga 3,000 ya kubusti tangazo, na mzigo uliotenga kwa ofa ni mabegi 40. Ili usipungukiwe, ofa ilete 2,900 yako ya kawaida pamoja na 3,000 ya tangazo, jumla 5,900. Gawa kwa 96, unahitaji kuuza mabegi 62. Una 40. Yaani hata wateja wapigane yaishe yote saa ya kwanza, bado ungepata zaidi kama ungekaa kimya, na hili lilikuwa linaonekana kwenye karatasi wiki nzima kabla.

Ndo maana mimi nasema usianze na asilimia, anza na mzigo ulionao halafu rudi nyuma. Jaribu 15%: bei 850, makato 25.5, unabaki na 144.5 kwa begi. Tangazo lishushe mpaka 1,000, na wale waliowahi kununua kwako watumie meseji moja kwa moja, hao hawahitaji tangazo. Sasa unahitaji 2,900 na 1,000, jumla 3,900, gawa kwa 144.5 unapata 27. Mabegi 27 kati ya 40, badala ya 10 ya kawaida. Ni kazi lakini ni kitu mtu anaweza kukilenga, na kuanzia la 28 ndo faida mpya inaanza.

Dhana: Nimeongeza 50% juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo naweza kushusha mpaka 50%

Hapana. Ulichonunua 600 ukaongeza nusu unauza 900. Punguza 50% ya 900 unauza 450, umeshakula mtaji. Ile 300 uliyoongeza ni nusu ya 600 lakini ni theluthi tu ya 900, kwa hiyo ukifika punguzo la 33% umerudi kwenye bei ya kununulia, na hapo hujagusa kifungashio wala delivari wala makato.

Dhana: Ofa ni ofa, weka kila kitu

Kile kinachojiuza chenyewe kiache kwa bei yake, jamani. Mzigo uliododa ndo una hesabu yake tofauti kabisa: kama kuna begi la rangi ambayo haitoki na huna mpango wa kuliagiza tena, ile 600 ilishaondoka zamani, swali ni pesa ngapi inarudi mkononi. Kwa punguzo la 40% unauza 600, toa 98 ya kifungashio, delivari na makato, 502 inarudi ukanunulie kinachotoka. Sio faida, ni mtaji ulioamka. Lakini ukifanya hivyo kwa bidhaa ambayo kesho unaenda kuinunua tena kwa 600, umejichimbia shimo.

Hapohapo kagua kuponi za zamani. Una ile ya 10% uliyowapa wateja wa mwanzo? Kama mfumo unaruhusu itumike juu ya ofa ya 15%, begi linatoka kwa 765 na kile 144.5 chako kinabaki kama 62. Izime kabla ya ofa kuanza, halafu weka oda ya majaribio mwenyewe uone bei ya mwisho inasomaje.

Dhana: Oda zilijaa, kwa hiyo ofa imefaulu

Subiri kwanza. Baadhi ya walionunua walikuwa wanunue wiki ijayo kwa bei kamili, umewavuta tu mapema. Tuchukulie yote 40 yameisha kwa 15%: 5,780, toa tangazo 1,000 unabaki na 4,780, ukilinganisha na 2,900 ya kawaida umepata ziada ya 1,880. Safi. Sasa wiki inayofuata, ambayo kawaida unauza 35, ukauza 28. Hayo 7 yaliyokosekana ni 2,030 ya faida, na ziada yote imekwenda, kwa pengo la begi moja kwa siku ambalo ukiwa hujaandika popote hata hulioni.

Na yanayorudishwa pia. Begi likirudi unamrejeshea mtu 850 yake lakini delivari ya 50 haikurudii, kifungashio mara nyingi kimechanika, na makato kuna huduma hazirudishi. Kwa hiyo daftari la ofa usilifunge siku ofa inaisha. Andika mauzo ya wiki mbili kabla, ya siku za ofa, na ya wiki mbili baada, marejesho yakiwa yametolewa, halafu linganisha faida kwa faida, idadi ya oda iache pembeni. Ukiona wiki za baada hazijashuka na waliokuja ni majina mapya kwenye orodha yako, ile 15% ilikuwa na kazi. Ukiona majina ni yaleyale ya siku zote, ofa ijayo shusha asilimia ya punguzo au badilisha bidhaa.