Matubwitubwi si mafindofindo, acheni kuwapa watoto amoksilini

Wiki hii tena nimeletewa mtoto mwenye matubwitubwi aliyekwisha kunywa nusu chupa ya amoksilini. Mama aliambiwa dukani kuwa ni mafindofindo. Nimechoka kulisikia hili. Matubwitubwi huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi.

Mafindofindo yako ndani ya koo. Kinachovimba kwenye matubwitubwi ni tezi ya mate, ile kubwa iliyo mbele na chini ya sikio, inayoizunguka pembe ya taya. Mate yake hupita kwenye mrija mwembamba na kutokea ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Virusi huivamia mirija ya tezi hiyo, tezi ikavimba, na njia ya mate ikabanwa. Juu yake kuna utando mgumu usiotanuka, ndiyo maana maumivu ni makali.

Mtoto huyu ana miaka minane. Homa ilianza Jumamosi, Jumapili shavu la kushoto likajaa, Jumanne la kulia. Alikuwa anakula mihogo vizuri kiasi, mpaka ilipokamuliwa ndimu. Akashika shavu na kulia. Ukali wa ndimu huiamsha tezi itoe mate mengi kwa ghafla, nayo haina pa kuyapitishia. Kutafuna peke yake kunauma kwa kuwa taya inaikandamiza tezi, lakini ndimu na ukwaju huuma zaidi.

Mzazi anaweza kutazama mwenyewe. Simama nyuma ya mtoto: kwenye matubwitubwi ndewe ya sikio husukumwa juu na nje. Kisha pitisha kidole kwenye pembe ya taya. Tezi za shingo zikivimba kwa sababu ya koo, pembe hiyo bado utaigusa wazi. Kwenye matubwitubwi imefunikwa na uvimbe. Ndani ya shavu, tundu la mrija linaweza kuwa jekundu. Nikiminya shavu na usaha ukatoka hapo, hayo ni maambukizi ya bakteria, na antibayotiki nitaiandika mwenyewe.

Uvimbe ukiwa upande mmoja tu, kwa macho siwezi kuapa. Virusi vingine navyo huvimbisha tezi hii, na uvimbe usiouma unaodumu kwa wiki kadhaa unanifanya nipime VVU. Wengi hudhani mtoto aliyechanjwa surua amekingwa. Chanjo ya kawaida ya kliniki zetu Tanzania ni ya surua na rubela, matubwitubwi haimo.

Mpeni parasetamoli kwa uzito wake, uji na maji, akae nyumbani siku tano tangu shavu lilipovimba. Kichwa kikiuma sana na shingo ikakakamaa, au korodani ikivimba, rudini siku hiyo hiyo. Virusi hufika kwenye korodani kwa njia ya damu, na huathirika zaidi kwa waliobalehe.