Kahawa inakauka, mashimo yanasubiri: jinsi ya kujibu ujumbe wenye maswali matatu

Kila mwaka mavuno ya kahawa yakielekea mwisho, simu za maafisa ugani wa Moshi Vijijini hujaa ujumbe wa namna hii: “Habari za kazi mtaalamu. Kahawa yangu inakauka, nipulize dawa gani? Nataka kuongeza miche masika, mashimo yawe na ukubwa gani na mbolea kiasi gani? Na ile mikongwe niikate?” Wanaoupokea si sisi peke yetu. Wenyeviti wa vikundi na wauza pembejeo huulizwa hivyo hivyo, na makala hii ni yao pia.

Wengi hujibu kwa kukisia. Wanataja dawa ya kopa, mama wa Kibosho ananunua, anapuliza, na mti unaendelea kufa. Wengine huuliza swali moja, “inakaukaje?”, wakanyamaza wakingoja. Mama huenda akakaa wiki mbili bila salio, na mashimo hayajachimbwa. Mashimo ya kahawa yanatakiwa yachimbwe takriban miezi mitatu kabla ya kupanda, kwa hiyo atakayepanda masika ya Machi anapaswa kushika jembe Desemba.

Swali la mashimo halina utata, lijibiwe siku hiyo hiyo. Futi mbili upana, futi mbili urefu, futi mbili kina. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, kisha ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri na kurudishwa shimoni kabla ya mvua.

Lakini kabla ya kutuma jibu hilo, jiulize kama lile lisiloeleweka linaweza kulibadilisha. Hapa ndipo tunapokosea sana. Ukubwa wa shimo haubadiliki, ila mahali pa kulichimba panaweza kubadilika. Kama miti inakufa kwa kuoza mizizi, ukungu wake hubaki kwenye mizizi iliyoachwa ardhini, na mche utakaopandwa palepale utaugua. Basi jibu linatoka likiwa na mpaka wake: chimba, ila si pale mti ulipokufa.

Swali la mikongwe linaonekana jepesi, lakini limefungwa na lile la kukauka. Mti uliochoka kwa kuzaa kupita kiasi ukikatwa baada ya mavuno, kiasi cha futi moja juu ya ardhi, hutoa maotea mazuri. Wenye mizizi iliyooza hautachipua. Wenye bungua, yaani funza anayetoboa shina, huenda bado anaye ndani ya kisiki, chini ya pale msumeno ulipopita. Kwa hiyo hilo linasubiri, na mama aambiwe wazi kuwa linasubiri, asije akadhani limesahaulika.

Sasa swali la kumuuliza. “Nieleze zaidi” haimsaidii, kwa sababu hajui wewe unatafuta nini. Muulize kitu anachoweza kukiona akisimama chini ya migomba yake, na ambacho kila jibu lake linakupeleka kwenye sababu tofauti. Ujumbe mzima ungekuwa hivi:

“Shikamoo mama. Mashimo anza kuchimba wiki hii: futi mbili kila upande, udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Usichimbe pale mti ulipokufa mpaka tuwasiliane. Dawa usinunue bado, na mikongwe usikate bado. Vyote viwili vinategemea haya. Angalia mti mmoja unaokauka, unijibu kwa herufi tu:
A. Buni mbichi zina madoa meusi yaliyobonyea.
B. Ncha za matawi ndizo zimekauka, na mti ulizaa sana.
C. Shinani kuna vitundu na unga kama wa mbao.
D. Ukibandua gome karibu na ardhi, kuna utando mweupe.
Kama huoni hata kimoja, niambie nije.”

A ni chulebuni, na hapo kopa ina kazi, ingawa hupulizwa kukinga buni zijazo, haiponyi zilizokwisha kuugua. B ni uchovu wa mti, dawa yake ni samadi na kupogoa. D ni kuoza mizizi: mti ung'olewe na mizizi yake yote, uchomwe.

Mama akijibu “C”, ni bungua. Ushauri unakuwa kuingiza waya kwenye vitundu hadi kumfikia funza, na kung'oa na kuchoma miti iliyoliwa gome kuzunguka shina. Mikongwe isiyo na vitundu hadi chini inaweza kukatwa. Na katazo la pale mti ulipokufa linaondolewa, kwa kuwa bungua huishi ndani ya shina, si udongoni. Hilo nalo aandikiwe, maana bila hivyo ataendelea kuyakwepa maeneo hayo bure.