Aminoglaikosaidi: kwa nini dozi ya siku nzima inachomwa mara moja

Aminoglaikosaidi ni kundi la antibayotiki za sindano kama jentamaisini, amikasini na streptomaisini, ukizimeza hazifyonzwi tumboni ndo maana kwa maambukizi ya mwilini lazima uchomwe au upewe kwenye dripu. Zamani dozi iligawanywa mara tatu kwa siku, siku hizi wagonjwa wengi wanapewa yote kwa mkupuo, na watu wanaogopa wakidhani dozi kubwa ndo inaua figo. Hapana, ni kinyume chake.

Chukua mtu mzima wa kilo 60 mwenye figo nzima, jentamaisini miligramu 5 kwa kilo, jumla 300 kwa siku. Ukimpa zote mara moja, dawa kwenye damu inapanda hadi kama miligramu 20 kwa lita, ukimpa 100 kila masaa 8 inaishia 6 au 7 tu. Sasa dawa hizi zinaua bakteria kulingana na kilele, kikipanda juu zaidi wanakufa wengi na kwa haraka, halafu hata dawa ikishuka wale waliobaki wanakaa masaa kadhaa wameduwaa hawazaliani.

Upande wa figo mambo ni tofauti kabisa. Seli za mirija ya figo zinameza dawa kwa kiwango chenye kikomo, zikishashiba hata ipite nyingi kiasi gani haziongezi sana, kwa hiyo kinachoziumiza ni dawa kukaa muda mrefu, sio kilele. Kwa mgonjwa wetu dawa inapungua nusu kila masaa mawili na nusu hivi, baada ya masaa 12 au 13 iko chini ya 1, na nusu ya siku iliyobaki figo zinapumua. Ukigawa mara tatu hazipati huo muda.

Figo ikianza kuumia mkojo mara nyingi unaendelea kutoka vizuri tu, na hapo ndo watu wanadanganyika. Pima kreatinini kwenye damu, ni taka inayochujwa na figo, mara nyingi huanza kupanda baada ya siku tano hivi, na ukisimamisha dawa figo kwa kawaida hurudi. Figo zikiwa dhaifu tangu mwanzo, dozi zinaachana zaidi na kiwango cha damu kinapimwa kabla ya dozi inayofuata.

Sikio halina bahati hiyo! Seli za kusikia zikifa hazioti tena, na zinaanza zile za sauti nyembamba kwa hiyo mgonjwa hajui mapema, akisema masikio yanavuma au anayumba akitembea mwambieni daktari siku hiyo hiyo, hasa kama anapewa na furosemaidi au vankomaisini.

Pamoja na hayo bado tunazihitaji sana: kichanga mwenye maambukizi ya damu (na ampisilini), maambukizi makali ya figo, tauni. Mara nyingi inatosha kuanza nazo siku mbili tatu, majibu ya kalcha, yaani kipimo cha kuotesha bakteria, yakitoka unahamia dawa salama zaidi. Ila kwenye jipu lenye usaha msiitegemee peke yake, bila oksijeni dawa haiingii ndani ya bakteria.