Rangi ya nywele ya siku moja: kwa nini nyingine huonekana kwenye nywele nyeusi na nyingine hupotea

Rangi ya siku moja ni rangi inayokaa juu ya unywele bila kuingia ndani, na inayotoka ukiosha kwa shampuu. Madukani utaikuta kwa sura tatu: kopo la spreyi, chaki ya nywele, na maskara ya nywele yenye kibrashi kama kile cha kope. Watu hununua kwa ajili ya bethidei, sendofu, mahafali au mechi, halafu wengi wenye nywele nyeusi hukumbana na jambo lile lile. Mtu anapuliza kopo lenye mfuniko wa zambarau, anasubiri ikauke, anajitazama kwenye kioo na kuona nywele zake zilivyokuwa, ila sasa zimekakamaa.

Hapo nywele hazina kosa. Ni aina ya rangi iliyochaguliwa.

Unywele mweusi umejaa melanini, na melanini humeza mwanga. Rangi ya kudumu ya saluni hupambana nayo kwa kemikali: amonia au kitu cha kufanana nayo hufungua magamba ya unywele, peroksidi huingia na kuififisha melanini, na rangi mpya inajengeka ndani. Ndiyo maana haitoki kwa maji. Rangi ya siku moja haifanyi lolote kati ya hayo. Chembe zake ni kubwa mno kupenya magamba, kwa hiyo hubaki nje, zikiwa zimeshikwa na utando mwembamba wa gundi au nta. Haiwezi kufanya unywele uwe mweupe zaidi ya ulivyo. Inachoweza ni kuufunika.

Na si kila rangi hufunika. Fikiria ubao wa darasani: ukiandika kwa kalamu ya wino wa bluu hakuna atakayeona kitu, lakini chaki ya bluu husomeka hadi dawati la nyuma. Wino hupitisha mwanga, mwanga unafika kwenye weusi wa ubao na kumezwa huko. Chaki huurudisha mwanga kabla haujafika. Kwenye nywele mambo ni hayo hayo. Rangi angavu, inayopitisha mwanga, hupendeza kwenye nywele za rangi ya mchele na hupotea kabisa kwenye nywele zetu. Rangi nzito, inayoziba, ndiyo huonekana.

Uzito huo hutoka zaidi kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni titani dioksidi, unga mweupe sana unaotumika pia kwenye rangi za ukutani na krimu nyingi za kukinga jua. Cha pili ni ulanga, yale madini ya magamba yanayometa, ambayo yakisagwa na kupakwa utando wa oksidi ya chuma au ya titani hutoa mng'ao wa dhahabu, fedha na shaba. Kwenye orodha ya viambato nyuma ya kopo, titani dioksidi huandikwa CI 77891 na ulanga CI 77019. Ukiziona namba hizo, una matumaini. Usihukumu wingi wake kwa nafasi zilipo, maana viambato vya rangi huruhusiwa kuorodheshwa mwishoni bila kufuata kipimo. Kipimo cha kweli ni kujaribu: chukua kipande cha rasta nyeusi, namba 1, paka hapo, kausha, tazama kwenye mwanga wa jua na tena kwenye taa ya ndani. Rangi ya mfuniko isikushawishi.

Kwa uzoefu wa wasusi wengi, dhahabu, fedha na shaba huonekana bila taabu. Nyeupe pia, na waridi au bluu ya anga, kwa kuwa ndani yake kuna weupe mwingi. Damu ya mzee, zambarau iliyokolea, kijani cha chupa na kahawia huzama. Katikati ipo bluu ya kifalme, rangi ambayo kamati za sherehe huipenda sana, nayo inahitaji kusaidiwa.

Tuichukue hiyo. Msichana ana sendofu ya dada yake Jumamosi jioni, Dar es Salaam, na rangi za sherehe ni bluu ya kifalme na dhahabu. Nywele zake ni za asili, nyeusi, hajawahi kuzitia rangi wala dawa. Anataka nusu ya chini iwe bluu.

Siku mbili kabla, anapaka kidogo nyuma ya sikio na kwenye kishada kimoja cha nywele za kisogoni, kwa sababu manukato na gundi za rangi hizi huweza kuwasha ngozi ya mtu hata kama hazina zile kemikali kali za rangi ya kudumu. Ijumaa anaosha nywele, anatia kondishna, kisha anazisokota twisti. Mafuta anaweka kidogo tu, na sehemu itakayopakwa haipati mafuta mazito, kwani utando wa rangi haushiki juu ya mafuta. Huteleza na kuishia kwenye kola ya gauni.

Jumamosi anafumua na kupanga mtindo wote kwanza. Hili ndilo watu hulisahau. Spreyi hufikia uso wa nje tu, na nywele za kipilipili zina pande nyingi zilizojificha. Ukipuliza kabla ya kufumua au kuchana, kila mkunjo utakaofunguka baadaye utaonyesha mstari mweusi, na chanuo litaupasua utando uwe unga. Mtindo ukiisha, chanuo linawekwa mbali hadi usiku.

Sasa anajifunika mabega kwa taulo kuukuu, anakaa penye hewa, na mwenzake anatikisa kopo kwa takriban dakika nzima. Chembe nzito hukaa chini. Kopo lisilotikiswa hutoa gesi na maji maji kwanza, halafu madonge. Anaanza na spreyi nyeupe, akilishika kopo kwa umbali wa sentimita 20 hivi, akipuliza kwa vipindi vifupi huku mkono ukitembea. Si lazima nywele ziwe nyeupe pe. Kijivu kinachoonekana kinatosha. Anaacha dakika chache hadi kidole kikigusa hakitoki na kitu. Ndipo inafuata bluu, tabaka moja jembamba, ikauke, kisha la pili. Tabaka mbili nyembamba hufunika vizuri kuliko moja nene, kwa kuwa nene hukauka juu ikabaki na unyevu ndani, na baada ya saa moja inaanza kumeguka. Bila ule weupe wa chini, bluu hiyo hiyo ingeonekana juani tu, na ukumbini ingerudi kuwa nyeusi.

Mizizi haipulizwi, wala nywele za shingoni. Ukumbi una joto, watu wanacheza, jasho linashuka, na jasho linafungua utando kama maji ya mvua. Kuacha sentimita 2 au 3 kutoka kichwani huokoa shingo na nguo.

Kuna jambo moja la hatari ambalo nalisisitiza. Gesi inayosukuma rangi ndani ya kopo mara nyingi ni butani na propani, zile zile za mtungi wa gesi ya kupikia, na rangi yenyewe mara nyingi ina alikoholi. Ikiwa bado mbichi inashika moto upesi. Usipulize jikoni, karibu na sigara, wala karibu na meza yenye keki iliyowashwa mishumaa, na pasi ya nywele isifuate kabla rangi haijakauka kabisa. Aliye na pumu asikae kwenye wingu hilo. Kwake maskara inafaa zaidi. Kwa mtoto pia, kwani yeye hafungi macho wala kuzuia pumzi ukimwambia.

Dhahabu anaiweka kwa maskara. Hii ni krimu yenye nta, gundi na ulanga, na inafaa kwa mistari michache: nywele za mbele, kishada cha pembeni, ncha za twisti mbili tatu. Brashi hufutwa kwanza mdomoni mwa kichupa, kisha hupitishwa kutoka juu kwenda chini, tabaka la kwanza likauke kabla ya la pili. Kati ya hizi tatu, maskara ndiyo inayotii mkono zaidi, na haichafui sana kama nyingine. Kama ni mara yako ya kwanza, ningekushauri uanze nayo. Isipakwe kwenye kope, haikutengenezwa kwa ajili ya macho.

Chaki sijampa msichana huyu, na sababu ni nywele zake. Chaki ni unga uliokandamizwa, na hushika kwa kusuguliwa. Kwenye nywele nyeusi unyweshe kidogo kishada maji ili unga unate, usugue ukielekea chini, ukaushe, kisha upulize spreyi ya kushikilia mtindo juu yake. Kwenye nywele zilizonyooka hufanya kazi nzuri. Kwenye nywele za kipilipili zilizofumuliwa, msuguano hukata na kusokota, na unga hufyonza mafuta ambayo nywele hizo tayari hazina ya kutosha. Iweke kwenye ncha za twisti au mabutu, ambapo nywele zimeshikana.

Tahadhari nyingine inahusu nywele zilizotiwa blichi, zilizowekwa dawa mara nyingi, na wigi au rasta za rangi ya dhahabu. Zilizopitia kemikali magamba yake yameinuka, na rangi iliyoahidiwa kutoka kwa maji inaweza kujificha humo. Bluu na waridi ndizo sugu. Kishada cha majaribio kisipotoka safi, achana nayo. Rasta za plastiki, zaidi ya kudaka rangi, haziwezi kukaushwa kwa joto kali.

Usiku, kabla ya kulala, rangi iondolewe. Ukilala nayo, foronya itabadilika rangi, na utando mkavu utavunja nywele unapogeuka. Usichane kwanza. Palipo na maskara, paka mafuta ya nazi yalegeze nta. Lowesha nywele kwa maji ya vuguvugu, pakaza kondishna, tenganisha kwa vidole, kisha shampuu. Maji yatashuka bluu. Endelea hadi yashuke meupe, mara nyingi ni mikono miwili ya shampuu. Malizia kwa kondishna na mafuta yako ya kila siku, maana gundi na alikoholi vimekausha. Kama ncha bado zina ubluu, ziangalie: pengine ndipo dawa au blichi ya zamani ilipobaki, na hapo rangi itapungua kidogo kidogo kwa kila kuosha, au itaondoka na mkasi.