Je, wajua kwa nini nguzo ikititia milimita 10 tu bimu inaweza kupasuka?

"Mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Nguzo ya katikati imetitia milimita 10 tu. Mbona bimu imepasuka chini?"

Kwa sababu bimu hiyo ni kipande kimoja juu ya nguzo tatu, na kila nguzo inapokea mzigo kulingana na kimo chake. Ya katikati ikishuka, inatua sehemu ya mzigo wake, na za pembeni zinaubeba.

Tuchukue bimu ya zege ya milimita 300 kwa 500, nguzo A, B na C zikiwa mita 6 kutoka moja hadi nyingine, na mzigo wa kilonyutoni 20 kwa kila mita. Mfaransa Clapeyron alitoa mlinganyo wa momenti tatu, yaani vipimo vya jinsi bimu inavyopindwa juu ya nguzo tatu, mwaka 1857. Mwaka 1860 Mjerumani Otto Mohr akaongeza sehemu ya kutitia. Pande mbili zikilingana, unakuwa hivi:

M_A + 4M_B + M_C = −wL²/2 + 12EIδ/L²

Hapa M ni momenti juu ya nguzo husika, w ni mzigo kwa mita, L ni umbali kati ya nguzo, δ ni kiasi B inachotitia, E ni ugumu wa zege, na I inatokana na upana na kina cha bimu. Ncha zimekalia nguzo bila kufungwa, kwa hiyo M_A na M_C ni sifuri. B isipotitia, M_B ni −90 kNm: bimu inavutika juu ya nguzo, ndiyo maana nondo nyingi huwekwa juu pale. Kati ya nguzo, momenti kubwa kabisa ni 50.6.

Sasa δ iwe mita 0.01. Kwa E ya GPa 25, EI ni 78,125 kNm², na sehemu ya kutitia inaongeza 65.1 kwenye M_B. M_B inabaki −24.9 tu. Nafuu hiyo ya juu ya nguzo inalipiwa kwingine: A inabeba kilonyutoni 55.9 badala ya 45, na momenti ya kati inapanda hadi 78. Nondo za chini zilipangiwa 50.6, ndiyo maana nyufa zinaanzia chini, karibu mita 2.8 kutoka nguzo ya pembeni.

Ingekuwa A ndiyo iliyotitia, M_B ingefika −122.6 na ufa ungeonekana juu ya B. Kwa hiyo kabla ya kulaumu zege, tazama ufa umeanzia wapi. Zikititia zote tatu sawasawa, bimu haioni kitu.

Wengi hukimbilia kunenepesha bimu. Ifanye ya kina cha milimita 600, na kutitia kulekule kunaleta 112.5: M_B inageuka kuwa +22.5, na chini ya bimu juu ya B, ambapo nondo ni chache, panavutika. Bimu ngumu haikubali kuifuata nguzo.

Hesabu hii inachukulia kutitia kwa ghafla. Udongo ukishuka polepole kwa miaka, zege nalo hulegea taratibu. E inaweza kushuka hadi theluthi, na ile 65.1 ikawa kama 22.